Sambaza na mboga mbichi Bukavu: namna ya kupatana bei, saa na ubora na mama wa biche

Mwenye kantini ya Bukavu akilalamika kwamba sambaza imepanda, muulize: imepanda kwa basini, au kwa kilo iliyofika kwenye sufuria? Wengi hawawezi kujibu, kwa sababu hawajawahi kuipima kilo hiyo. Wanabishana kila asubuhi juu ya basini, wanashusha elfu mbili, wanapewa kiganja kimoja cha matabishi, wanaondoka wakijiona wameshinda. Lakini ndani ya basini mna maji, mna samaki waliopasuka tumbo, mna waliovuliwa saa tatu usiku wakachanganywa na waliovuliwa alfajiri. Bei ya kweli imejificha humo.

Mwongozo huu ni wa mtu anayepika kila siku, kantini, shule au mkahawa mdogo, na ananunua sambaza mbichi pamoja na mboga kwa watu walewale wiki baada ya wiki. Nitakaa zaidi kwenye sambaza kwa sababu ndiyo inayoharibika upesi na ndiyo inayokula pesa. Namba za faranga nitakazotumia ni za mfano wa hesabu. Weka bei ya juma lako mahali pake.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kubishana

Kabla hujafungua mdomo kuhusu bei, nunua kama ulivyozoea kwa asubuhi chache na upime. Unahitaji mizani ya kuning'iniza, kitunga au chekecheke ya kuchujia, na daftari. Pima basini na samaki wake, toa uzito wa basini lenyewe. Kisha mimina samaki kwenye kitunga, waache wachuruzike dakika 10, upime tena. Halafu chagua: ondoa waliopasuka, waliolegea, majani na uchafu wa wavu. Pima waliobaki. Hao ndio ulionunua.

Tuseme basini linaitwa la kilo 15 na bei yake ni faranga 90,000. Kichwani unahesabu 6,000 kwa kilo. Ukitoa chombo, zinabaki kilo 14. Ukichuja maji, 12.6. Ukichagua, 11.3. Gawanya 90,000 kwa 11.3: umelipa karibu 7,965 kwa kilo. Mama wa pili, ambaye ulimkwepa kwa sababu anauza 7,500 kwa kilo iliyochujwa, ana samaki wabovu 3 tu katika kila 100. Kwake kilo safi inakugharimu kama 7,730. Yule uliyemwita ghali ndiye rahisi.

Maji si lazima yawe hila. Mwuzaji humwagia samaki maji ya ziwa ili wang'ae na wasikauke njiani. Lakini yakiwa kwenye mizani, unayalipia wewe. Kwa hiyo jambo la kwanza utakalopatana si faranga ngapi, ni kipimo gani: kilo iliyochujwa, mbele ya wote wawili. Wauzaji wengine hukataa mwanzoni kwa sababu wao wenyewe walinunua kwa basini kutoka kwa mvuvi na wanaogopa kubaki na hasara ya maji. Usiwabane. Pendekeza bei ya kilo iliyo juu kidogo ya ile ya basini, kwa kuwa hesabu yako imekwisha kukuonyesha unaweza kuilipa bila kupoteza.

Hatua ya pili: ujue usiku wa mvuvi

Sambaza si samaki wa asili wa Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazoea ziwa letu, na sasa ndio uti wa mgongo wa uvuvi wake. Mchana hukaa chini, usiku hupanda juu kufuata chakula. Ndiyo maana wavuvi hulala ziwani na taa: mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu chini yake, taa juu ya maji. Samaki wakikusanyika kwenye mwanga, wavu unavutwa.

Mambo mawili hutoka hapa, na yote mawili ni pesa.

La kwanza: wavu hauvutwi mara moja. Unavutwa mara kadhaa tangu giza linapoingia hadi karibu na mapambazuko. Samaki wa mvuto wa kwanza wakifika biche saa kumi na mbili asubuhi, wamekaa kwenye mtumbwi saa nane au tisa, bila barafu, wametoka kwenye maji yenye joto la digrii 23 au 24. Wa mvuto wa mwisho wamekaa saa moja au mbili. Samaki mdogo aliyekufa na chakula tumboni huanza kumeng'enywa na majimaji ya tumbo lake mwenyewe. Tumbo hulainika na kupasuka. Ukiona matumbo yaliyopasuka, mara nyingi unaona saa, si uzembe wa mama aliyekuletea. Basi swali linalofaa kuliko "bei gani?" ni hili: "Hawa ni wa mvuto wa ngapi, na wamechanganywa?"

La pili: mwezi. Mbalamwezi ikiangaza ziwa lote, taa ya mvuvi haina nguvu, samaki hawakusanyiki. Kwa siku kadhaa kabla na baada ya mwezi mpevu mavuno hushuka sana, na timu nyingi hubaki nchi kavu kushona nyavu. Bei hupanda, na mama ambaye jana alikuita "dada" leo anampelekea mwingine. Hajakugeuka kwa ubaya. Ana basini moja na wateja sita.

Hapo ndipo pazia la mapatano linapofunguka. Usiku wa giza nene yeye ana tatizo: samaki wengi, wanaharibika, bei inaanguka kabla ya saa tatu. Usiku wa mbalamwezi tatizo ni lako. Kila mmoja ana juma lake la shida. Anayepatana vizuri huuza msaada wake wakati wa wingi ili anunue nafasi yake wakati wa uhaba.

Hatua ya tatu: kaa chini na mama, si asubuhi

Usijaribu kupatana haya biche alfajiri. Mama ana basini kichwani, mvuvi anadai pesa yake, wateja wanasukumana. Nenda saa za mchana, akiwa amemaliza kuuza, na uchague siku za giza, kwa sababu siku hizo ana sababu ya kukusikiliza. Kama unanunua Muhanzi au kwenye biche nyingine ya Ibanda, uliza wanawake wengine anauza muda gani na ananunua kwa timu zipi. Mwuzaji mwenye timu moja tu ya wavuvi atakosa samaki siku timu hiyo isipotoka. Mwenye timu mbili au tatu ni afadhali, hata akiwa na bei ya juu kidogo.

Anza kwa kumuuliza gharama zake. Wengi huona hii ni aibu, kumbe ndiyo heshima kubwa unayoweza kumpa: unakubali kwamba yeye ni mfanyabiashara. Ananunua basini kwa mvuvi kwa ngapi usiku wa giza? Analipa nini biche? Anapanda pikipiki kwa ngapi hadi Kadutu? Anakopesha wangapi, na wanalipa lini? Jibu la swali la mwisho lina thamani kubwa. Mama ambaye pesa yake imekaa kwa wadeni kumi hukopa ili anunue basini la kesho. Ukimlipa siku hiyohiyo, mkononi au kwa simu, umempa kitu ambacho kwake kina uzito kuliko faranga 300 za kila kilo. Usimpe bure, kiweke mezani kama sehemu ya bei.

Mazungumzo yanaweza kwenda hivi, kati ya mpishi wa kantini ya Kadutu na mama wa sambaza:

"Mama, mimi ninahitaji kilo kumi zilizochujwa kila siku, Jumatatu mpaka Jumamosi. Munaweza kunipatia kwa ngapi?"

"Kilo ni elfu saba na mia tano, dada. Hiyo bei ni ya watu wote."

"Ni sawa kwa mtu anayenunua leo na kesho hamumuoni. Mimi nitalipa kila siku kabla ya saa nne, hakuna deni. Na siku sambaza imekuwa mingi, ikibaki, nitachukua kilo sita zaidi, nikaushe."

"Hizo za kubaki utanipa ngapi?"

"Elfu sita."

"Na ile ya kila siku?"

"Elfu saba."

"Hapana. Elfu saba na mia mbili, na za kubaki elfu sita. Lakini usinipigie simu saa mbili kuniambia huzihitaji tena."

"Nimekubali. Sasa mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa, munibakizie kilo tano za kwanza, mbele ya wengine. Nitalipa elfu tisa na mia tano bila kubishana."

Ona kilichotokea. Mpishi hakupigania bei ya chini kabisa. Alinunua vitu vitatu: bei ya giza, bei ya ziada, na nafasi ya mbele wakati wa mbalamwezi. Fanya hesabu ya majuma manne ya kazi, siku 24. Siku 16 za giza, kilo 10 kwa 7,200: faranga 1,152,000. Siku 5 za ziada, kilo 6 kwa 6,000: faranga 180,000. Siku 8 za mbalamwezi, kilo 5 kwa 9,500: faranga 380,000. Jumla 1,712,000 kwa kilo 230, wastani wa kama 7,440 kwa kilo iliyochujwa. Hata ukitoa wabovu 4 katika kila 100, kilo safi haifiki 7,800, na hakuna siku aliyokosa samaki kabisa. Basini la mwanzo, lile la "6,000", lilikuwa 7,965 usiku wa wingi, na wakati wa mbalamwezi halikupatikana.

Kilo 10 hizo kwake zina maana: sahani 60 za gramu 150 ni kilo 9, na kilo moja ni ya wabovu na ya kuteleza. Wakati wa mbalamwezi kilo 5 hazitoshi, kwa hiyo hupika sambaza sahani 30 na maharage kwa wengine, pamoja na zile alizokausha. Kukausha kupange kwa uangalifu: masika, jua likikosekana siku nzima, ni afadhali kuzikaanga zikauke kuliko kuzianika zikaoza. Kama huna pa kukaushia, usiahidi kuchukua ziada. Ahadi hiyo ukiivunja mara mbili, nafasi yako ya mbalamwezi imekwenda.

Malizeni na jambo la pesa yenyewe. Kwa sambaza, patana kwa faranga, kwa sababu mvuvi naye hulipwa kwa faranga. Kama mnatumia dola kwa malipo makubwa, andikeni ni kiwango cha nani na cha siku gani. Na noti ya dola iliyochanika hata kidogo hapa kwetu haipokelewi, kwa hiyo usimpe mama noti ambayo wewe mwenyewe ungeikataa.

Hatua ya nne: funga bei kwenye saa

Samaki kwenye joto la digrii 10 huharibika mara nne upesi kuliko kwenye barafu inayoyeyuka. Kwenye joto la asubuhi ya Bukavu ni upesi zaidi. Kuchelewa saa moja si kukosa adabu tu, ni kupungua kwa bidhaa. Kwa hiyo saa iwe ndani ya bei, na ijulikane kabla.

Mfano unaofanya kazi: samaki wakifika kabla ya saa moja asubuhi, bei kamili. Kati ya saa moja na saa moja na nusu, bei kamili ikiwa ukaguzi umepita. Baada ya hapo, kila nusu saa inapunguza faranga 400 kwa kilo. Baada ya saa mbili na nusu, bila barafu, hupokei. Lakini weka na mlango wa haki: mama akipiga simu kabla ya saa kumi na mbili kusema upepo umewazuia wavuvi au njia imefungwa, hakuna kukatwa, mnakubaliana upya palepale. Mji wetu una asubuhi ambazo hakuna anayeweza kuapa atapita wapi. Zikitoka amri za kuzuia watu kulala ziwani, mapatano yote ya samaki yanasimama mpaka mtumbwi utoke tena, na hilo pia lisemwe mapema. Unachokikata ni ukimya, si dhoruba.

Barafu ni silaha nzuri ya kupatana. Kupoza kilo moja ya samaki kutoka joto la ziwa hadi karibu na sifuri kunahitaji kama robo kilo ya barafu. Kwa safari ya saa moja au mbili kwenye sanduku lisilopitisha joto, weka nusu kilo kwa kila kilo. Mama wengi hawana friza. Wewe ukiwa nayo, na umeme ukiruhusu, gandisha maji safi kwenye chupa za plastiki usiku, umpe sanduku na chupa jioni ili aende nazo biche. Tabaka la chupa, tabaka la samaki, tabaka la chupa, na tundu chini maji yatoke. Badala yake ombeni punguzo dogo, au saa ya kufika iongezwe bila kukatwa. Yeye anapata samaki wanaodumu kwa wateja wengine pia, na hilo litamfanya alitunze sanduku lako.

Hatua ya tano: ukaguzi wa dakika tano, mlangoni, mbele yake

Ukaguzi unaofanywa baada ya mama kuondoka ni ugomvi wa kesho. Ufanye akiwa amesimama hapo, kwa njia ileile kila siku, ili usionekane unatafuta kisa.

Nusa kwanza, kabla ya kugusa. Sambaza mbichi hunuka ziwa, harufu ya maji na majani. Harufu kali ya mkojo au uchachu ikitokea, rudisha yote, hata ukipewa bure. Hapo hakuna mapatano.

Kisha tia mkono hadi chini ya basini na uchote samaki 50, nusu kutoka katikati, nusu kutoka chini. Usichukue wa juu. Wa juu ndio waliopangwa. Wamwage kwenye sinia. Samaki mzuri ana mgongo wa kijani kizito na ubavu wa fedha inayowaka. Ukimshika mkia na kumlaza mlalo, hainami mara moja. Jicho limejaa na liko wazi. Ukifungua shavu, matamvua ni mekundu. Samaki wa jana jicho limezama na lina ukungu, fedha imegeuka kijivu, na ukimbonyeza kwa kidole gumba shimo linabaki.

Hesabu matumbo yaliyopasuka kati ya hao 50. Wakiwa 3 au pungufu, bei kamili. Wakiwa 4 hadi 8, punguza moja ya kumi. Wakizidi 8 lakini harufu ni safi, chukua tu zile utakazokaanga saa hiyohiyo, kwa ile bei ya samaki wa kubaki, au rudisha. Kizingiti hiki ni changu, unaweza kukaza au kulegeza, ila kiandikwe na kisibadilike kwa sababu leo una njaa ya samaki au leo umekasirika. Faida yake kubwa ni kwamba mama mwenyewe ataanza kuhesabu biche kabla hajanunua. Atamwambia mvuvi, "Hizi za mvuto wa kwanza siwezi kupeleka Kadutu," na hapo ubora unakuwa umeingia ziwani bila wewe kufika huko.

Angalia pia ukubwa. Kukiwa na vitoto vingi vyembamba vinavyoonyesha ng'ambo, huenda wamevuliwa kwa chandarua cha mbu. Vinaoza upesi, vinayeyuka kwenye mafuta, na ndiyo sambaza ya miezi ijayo mnayoila mapema. Mwambie mama waziwazi kwamba hutavilipia, na usivinunue hata kwa bei ya chini, kwa sababu bei yako ya chini ndiyo soko la nyavu hizo.

Mboga: kipimo kilekile, saa tofauti

Kwa mboga usinakili mapatano ya samaki. Kila moja ina namna yake ya kufa.

Lenga-lenga hufa kwa joto na maji. Jani lililokatwa linaendelea kupumua, na mafungu yaliyobanwa ndani ya gunia hupata joto katikati. Mwuzaji akiyamwagia maji baada ya kufunga, yanapendeza kwa macho na kuoza kwa ndani. Tia mkono katikati ya gunia: pakiwa na joto la jasho, majani ya huko yatakuwa manjano kabla ya chakula cha mchana. Patana mafungu yaliyokatwa alfajiri hiyohiyo, yasiyolowanishwa baada ya kufungwa, na yaletwe kwenye kitunga badala ya gunia. Kuhusu bei, chambua mafungu 10 na upime majani uliyopata. Fungu kubwa lenye mashina ya mti wa ufagio ni ghali kuliko fungu dogo laini. Hapo unaweza kumwambia mama wa Kabare, bila ubishi: "Munikatie fupi, nitaongeza bei ya fungu." Yeye anabaki na shina linaloweza kuchipua tena, wewe hununui kuni.

Kabichi husubiri, kwa hiyo mara mbili kwa juma yatosha. Unalipia kilo, basi semeni shina likatwe usawa na majani ya nje yabaki mawili tu ya kulinda. Geuza kabichi uangalie pale shina lilipokatwa. Ukiona duara la vitone vyeusi, huo ni ugonjwa wa kuoza kweusi, na dalili yake nyingine ni madoa ya manjano yenye umbo la pembetatu kwenye ukingo wa jani. Nje inaweza kuwa nzuri na ndani imekwenda. Pasua moja katika kila 10. Mbovu moja, pasua nyingine mbili kabla ya kulipa.

Nyanya nyingi zetu hupanda kutoka bonde la Ruzizi, na barabara ya Ngomo huzikanyaga njiani. Hapa jambo la kupatana ni ukomavu na nani anabeba hasara. Agiza theluthi mbili zilizoanza tu kugeuka rangi na theluthi moja zilizoiva, ziletwe kwenye visanduku vya mbao visivyojazwa hadi mdomo. Zote zikiwa mbivu, chini utapata mchuzi. Mlangoni, mimina polepole kwenye turubai, usikubali kuhesabiwa kutoka juu. Patana hivi: zilizopasuka zisizozidi moja katika 20 ni juu yako, zinazozidi hapo ni juu ya mwuzaji. Na ukisharudisha visanduku vitupu kwa wakati, omba hilo lihesabiwe kwenye bei; mara nyingi mwuzaji anakulipisha kisanduku bila kukitaja.

Kumbuka pia majira. Kiangazi, Juni hadi Agosti, milima hukauka na mboga nyingi hutoka mabondeni yenye unyevu ya Kabare na Walungu. Mwenye shamba la bondeni ndiye wa kupatana naye mwezi wa tano, kabla hajajua kwamba mji mzima utamtafuta.

Daftari na siku ya kukaa tena

Daftari liwe na mistari michache kwa siku: saa ya kufika, kilo zilizochujwa, matumbo kati ya 50, bei uliyolipa, na sababu kama kuna makato. Mama awe na lake, au atie alama kwenye lako. Kama hasomi, msomee kwa sauti kila Jumamosi na umwachie mtoto wake alipige picha kwa simu.

Kila mwezi mpya, giza linaporudi, kaeni tena. Usije na malalamiko ya jumla. Njoo na mistari: "Mama, siku sita samaki wamefika baada ya saa moja na nusu, na nne kati ya hizo ni Jumatatu." Katika ile kantini ya Kadutu, mstari wa namna hii ulionyesha kwamba Jumatatu samaki walichelewa kwa sababu timu ya pili ya wavuvi haikutoka Jumapili usiku, na mama alikuwa akingoja basini la biche ya mbali. Hawakushusha bei wala kukatana. Walihamishia kilo tano za Jumatatu kwenye Jumanne, na Jumatatu kantini ikapika maharage na lenga-lenga.